Siku Niliyojifunza Kusema Sijui

Mimi ni winga wa Kariakoo, na naomba nianze kwa kujisifu kidogo, kwa sababu kazi yenyewe ndivyo ilivyo. Winga hana duka. Ana miguu, ana mdomo na ana watu. Unakutana na mteja mtaani anashangaashangaa, unamuuliza anatafuta nini, unampeleka kwenye duka lenye kitu chake, na mwenye duka anakutoa, yaani anakupa chochote kwa kumletea mtu. Sheria kubwa ya kazi hii nilifundishwa siku ya kwanza: winga hasemi "sijui". Mteja akiuliza kama kitambaa kinachuja, unajua. Akiuliza kama jiko litadumu, unajua. Akiuliza mvua itanyesha lini, hata hiyo unajua.

Mtaani kwetu kulikuwa na duka la jumla la vyakula vya makopo na mafuta ya kula. Nililipelekea wateja kwa muda mrefu, na bosi wake akanizoea mpaka akawa ananiruhusu kupanda mwenyewe stoo, ghorofani, kuchukua mzigo duka likijaa watu. Kwa winga hiyo ni heshima, siyo mchezo. Asubuhi moja nilipanda kuchukua katoni ya maziwa ya watoto wachanga, na kabla sijafika mlangoni nikasikia harufu. Niliwahi kufanya kazi saluni, siwezi kuikosea: dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nikajiuliza ni nani huyo anayejiremba stoo.

Nikachungulia. Wapagazi wawili walikuwa wamekaa juu ya maboksi, makopo ya maziwa yamepinduliwa chini juu mbele yao. Mmoja anafuta kitako cha kopo kwa pamba, mwingine anagonga muhuri. Kopo lililokuwa karibu na mlango lilikuwa limefutwa nusu, na tarehe ya mwisho wa matumizi iliyobaki ilikuwa ya mwaka uliopita. La pembeni yake lilikuwa na tarehe mpya kabisa, wino bado mbichi. Walikuwa wameinamia kazi yao, hawakuniona. Nikashuka kwa kunyata, nikamwambia bosi mteja wangu ameghairi.

Nilipofika nje, mtu mmoja tu alikuwa kichwani mwangu. Nina mteja wangu wa Buguruni, mama kijana mwenye mapacha, maziwa yake mwenyewe hayawatoshi. Kila mwisho wa mwezi anakuja, ananipigia akishashuka kituoni, tunaenda pamoja duka lile lile, anabeba makopo yake. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja. Yeye ningeweza kumpeleka kwingine, sawa. Lakini akina mama ambao siwajui, nani angewapeleka kwingine?

Nikajibanza kwenye uchochoro nyuma ya wauza mabegi, nikapiga namba ya bure ya ofisi ya serikali inayosimamia ubora wa chakula. Dada mmoja akapokea, sauti ya upole. Basi hapo uwinga wangu ukaamka wote! Nikamwambia stoo nzima imejaa sumu, nikamwambia maduka ya mtaa mzima yanafanya hivyo hivyo, nikamwambia watoto wanalazwa kila siku. Akauliza, "Dada, hao watoto waliolazwa umewaona wewe?" Nikababaika. "Maduka mengine umeyaona?" Nikakata simu. Nilikuwa nimekasirika kweli, ila sikujua nimemkasirikia nani.

Nikaenda kwa mama mmoja Mchaga mwenye duka la vyombo, mtu wa makamo ambaye amenisitiri mara nyingi na hana urafiki wala ugomvi na bosi wa makopo. Nikamwamkia, akaitikia, nikaomba tuongee nyuma, kwenye masufuria. Tayari nilikuwa nimetoa simu mfukoni.

"Mama, nataka nirudi nikawarekodi, niirushe kwenye grupu la mawinga. Leo leo mji mzima utajua."

"Utajua, ndiyo. Na yeye atajua. Kabla hujamaliza chai yako mzigo umeshahamishwa, na kila mtu atajua simu ilikuwa ya nani, maana nani mwingine anapanda kule?"

"Sasa nimfuate mwenyewe nimwambie aache?"

"Umfuate ili iwe nini? Akupe chochote unyamaze?" Akanikazia macho. "Haya, niambie ulichoona."

Nikaanza. Sikufika mbali, akainua mkono. "Hapo unaniuzia. Mimi sinunui. Niambie tu."

Nikaanza upya. Akaninyamazisha tena kwenye watoto waliolazwa. Nikaanza tena, safari hii polepole, na ikabaki hadithi fupi sana: harufu, pamba, muhuri, kopo moja la tarehe ya zamani, kopo moja la tarehe mpya. Niliiona ndogo mno, nikaona haya kuipeleka popote. Mama akasema hiyo hiyo ndiyo ya kupeleka. Akaniambia nisimweleze mtu mwingine hata mmoja, na niende mwenyewe kwenye ofisi ile ile niliyoipigia, kule mjini Posta, siku ambayo kila mtu anajua huwa nina mizunguko yangu mjini.

Pale mapokezi kulikuwa na watu wengi, na nusura nigeuze. Badala ya kumwaga mambo yote mbele ya watu nikasema tu, "Nina taarifa ya siri, naomba niongee na anayehusika." Wakanipeleka chumba cha ndani. Mle alikuwamo kaka mmoja wa makamo, mpole, kalamu mkononi. Akaniambia naweza kutotaja jina langu kabisa, ila nikiacha njia ya kunipata itamsaidia akiwa na swali. Na jina nikiliacha, litabaki kwao. Nikamwachia.

Nikaeleza kama nilivyofundishwa kwenye masufuria. Akauliza siku na saa, akauliza mlango uko upande gani wa ngazi, akauliza nilisimama wapi na niliona kwa macho yangu au niliambiwa. Niliyosikia kwa watu aliyaandika mbali na niliyoona. Kisha akauliza, "Yapo makopo mangapi yaliyofutwa?"

Jamani! Mdomo wangu ulishafunguka. Namba ilikuwa ipo kwenye ulimi, namba nzuri, kubwa. Nikaimeza.

"Sijui."

"Wamefanya hivi kwa muda gani?"

"Sijui."

"Bosi mwenyewe alikuwepo?"

"Juu hakuwepo. Kama anajua, sijui."

Nilijua nimejiharibia. Mtu gani anakwenda kushtaki na majibu ya namna hiyo? Lakini yeye alikuwa anaandika kwa kasi zaidi kuliko mwanzo, na alipoinua uso nikaona kabisa kwamba ananiamini. Furaha ilinipanda mpaka masikioni. Nikamwambia naweza kurudi nikamletee kopo moja, sasa hivi, kwa dakika chache tu!

"Hapana. Usirudi kutafuta kitu, usichukue kitu, usipige picha. Kutafuta ni kazi yetu. Kila kopo lina namba ya toleo, hiyo tutailinganisha na kumbukumbu za mzigo ulivyoingia nchini. Muhuri hauwezi kuidanganya." Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Nani mwingine anaingia stoo ile?"

"Wapagazi, bosi na mimi."

Akaweka kalamu chini. "Basi tukienda moja kwa moja pale, watakujua wewe. Tutakagua mtaa mzima, kama ukaguzi wa kawaida. Itachukua siku kidogo. Utavumilia?"

Akanieleza kwamba iko sheria inayomlinda mtoa taarifa aliyesema kwa nia njema, na kwamba nikitishwa au nikibughudhiwa kwa ajili ya jambo hili nimpigie siku hiyo hiyo, nisingoje. Akanipa namba ya taarifa yangu ili niweze kuifuatilia. Mwisho akasema, "Lakini dada, sheria haiwezi kukuzibia mdomo. Hiyo ni kazi yako."

Mjue ni adhabu gani hiyo kwa mtu kama mimi! Siku zile nilitembea Kariakoo nimebeba habari kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na siwezi kuitoa. Mawinga wenzangu walinitania kwamba nimepata mchumba, maana nimekuwa kimya. Bosi wa makopo aliniuliza mbona simletei watu wa maziwa, nikamwambia siku hizi wanataka mafuta ya kula, na nikamletea wa mafuta kweli, ili asione nimemkimbia. Usiku nililala vizuri, nashangaa mwenyewe.

Wakaja asubuhi, maduka yamechangamka. Walikuwa wengi, wamevaa makoti meupe, vitambulisho vifuani. Wakaanzia mwisho wa mtaa, mbali kabisa. Duka la unga wakaingia, duka la juisi wakaingia. Nilikuwa nimesimama na mawinga wenzangu, miguu haitulii, natamani kucheza ngoma. Mama wa vyombo alitoka mlangoni kwake, akatazama, akarudi ndani kama mtu asiye na habari.

Walipofika duka la makopo, wa mbele alikuwa yule yule kaka wa Posta. Nilisimama njiani kwake kabisa. Akanitazama kama anavyotazama nguzo.

"Dada, tupishe."

Nikapisha. Sijawahi kufurahia kudharauliwa kama siku ile. Wakapanda ghorofani, wakakaa muda mrefu, wakashuka na maboksi ya sampuli, kisha wakaifunga stoo kwa utepe na duka likateremshwa mlango. Bosi alitoka nje anatokwa jasho, akapaza sauti.

"Kuna mtu katuchoma! Kuna mtu! Nikimjua, Kariakoo hii hataikanyaga!"

Macho yake yakapita juu yetu mmoja mmoja, yakanifikia. Kazi yangu yote ilikuwa imesimama pale: duka moja likisema winga fulani ni mchomaji, mpeleka siri za watu, maduka yote yanamfungia milango. Winga mwenzangu mmoja akadakia, "Bosi, mbona wamekagua mtaa mzima? Wamepita hata kwa yule wa unga." Macho ya bosi yakaendelea kwa mwingine.

Hapo hapo simu ikaita. Mama wa mapacha, ameshashuka kituoni. Alinikuta nimemngojea kwenye kona, yeye na mtoto mmoja mgongoni, wa pili amemwacha kwa bibi yake. Nikamshika mkono tukakata mtaa mwingine, duka jingine. Kopo la kwanza alilopewa nililipindua, nikasoma tarehe, nikapitisha kidole juu yake, nikanusa. Muuzaji akacheka akaniuliza kama nanunua manukato.

Tulipokuwa tunatoka, tukapita mbele ya mlango ulioteremshwa. Watu walikuwa bado wamejazana, kila mmoja ana hadithi yake, na nyingine zilikuwa tamu kweli, zenye watoto waliolazwa na mtaa mzima wa sumu. Mama wa mapacha akasimama, akamrekebisha mtoto mgongoni.

"Pale si kwetu siku zote? Mbona wamefunga, kuna nini?"

Ananijua mimi. Hajawahi kuniuliza kitu nikakosa jibu.

"Sijui, mdogo wangu," nikamwambia, nikambebea mfuko wa maziwa mpaka kituoni.