Nusu ya Boneti

Houmadi alitaka Bi Zaïtoun, mwenye teksi, awe mteja wa kudumu wa kibanda chake cha kuoshea magari, mtaani Ampisikina. Lakini mjini Mahajanga waoshaji walizoea kupaka mafuta ya nazi. Gari liling'aa asubuhi, jioni likanasa vumbi jekundu.

Kivulini aliosha boneti yote ya teksi hiyo, akaigawa nusu kwa nusu kwa utepe, akapaka nta upande mmoja na kuusugua.

“Hayo ni mafuta yale yale, mwanangu!” Bi Zaïtoun alicheka.

Houmadi akaosha tena pande zote kwa sabuni, akasuuza. Upande wenye nta bado uling'aa, maji yakisimama juu yake kama shanga.

“Na mkwaruzo huu utatoka?” Bi Zaïtoun aliuliza, akigusa mlango wa teksi.

Hayrat, mkewe, alikuwa amemfunza kujibu, “Litakuwa kama jipya.”

“Hautoki, mama,” Houmadi akasema. “ Umefika kwenye bati.”

Bi Zaïtoun akamkabidhi funguo. “Basi malizia nusu iliyobaki.”