Sufuria ya Ishirini na Mbili

Ofisini walimwita Mama Maneno. Aliweza kuandika maelezo ya bidhaa arobaini za duka la mtandaoni kwa siku, bila kunakili sentensi hata moja ya kiwandani.

Siku moja alipewa sufuria thelathini zilizotofautiana ukubwa na rangi tu. Duka halikutaka kurasa zinazofanana, kwa hiyo kila sufuria ilihitaji maneno yake. Alipofika ya ishirini na mbili, ukweli wa sufuria ulikuwa umemwishia. Akaandika "inaingia hata kwenye oveni", maneno ambayo wateja huyatafuta sana. Karatasi ya kiwanda haikutaja oveni popote.

Wiki iliyofuata mteja mmoja alituma picha ya mpini wa plastiki ulioyeyuka, na jiko limejaa moshi.

"Hela yake tutamrudishia," alisema mwenye duka. "Ila ule ukurasa usiuguse, dada yangu. Ndio wa kwanza watu wakitafuta sufuria mtandaoni."

"Ni wa kwanza kwa uongo, bosi. Na uongo nimeutunga mimi."

"Si ulikuwa unapamba tu?"

"Nilimpambia mtu moto."

"Haya. Tukishuka, lawama ni zako."

"Zangu tangu mwanzo."

Akafuta ile sentensi, akaandika: "Usiiweke kwenye oveni, mpini ni wa plastiki." Kisha akatandaza karatasi ya kiwanda mezani, akafungua kurasa nyingine ishirini na tisa. Kwenye ya saba alikuta ameandika "haikwaruziki kamwe". Kwenye karatasi maneno hayo hayakuwamo, wala hakukumbuka alikoyatoa.