Mstari Wangu na Majembe ya Kingi

Kwetu Masisi hatusubiri matokeo ndipo tupike. Siku niliyotetea kazi yangu ya mwisho ya masomo ya uchumi, mama alikuwa nyuma ya chuo tangu asubuhi, anapika kuku wa kulisha juri, yaani walimu wa kunihoji, na wageni. Harufu iliingia mpaka darasani. Nilikuwa na woga mkubwa. Mama alilima mashamba ya watu miaka mitano ili nisome. Nikianguka, kuku hao tungewala kwa sura gani?

Na kazi yenyewe niliiandika kwa kiburi. Nilichora mstari mmoja unaoshuka: bei zikipanda haraka, wasio na kazi wanapungua. Nikamalizia kwamba serikali iache bei zipande kidogo kila mwaka, na vijana wa Masisi na Walikale watapata kazi milele. Milele, eti. Leo naona aibu.

Profesa aliyeisoma, mzee mpole mwenye ulimi mkali, akavua miwani. "Mustari yako iko muzuri, Mama," akaniambia kwa heshima ya kwetu. "Lakini watu wakishazoea bei kupanda, itakuwa namna gani?"

Kitabu chote kilinitoka kichwani. Harufu ya kuku ikaja tena, nikamkumbuka mama akiwa na jembe kule Kingi, kwenye mashamba ya watu.

"Papa Profesa, niko na mufano," nikasema.

Nikaeleza. Msimu mmoja mama na wenzake walikubali ujira wakidhani bei zitabaki zilivyo. Faranga, pesa yetu, ikashuka thamani, kila kitu kikapanda, maharagwe pia. Mwenye shamba akaona ujira umekuwa mwepesi mbele ya bei ya mavuno yake, akaita watu zaidi. Hata waliokaa bure walipata kazi. Ila sokoni ujira ule ulinunua kidogo. Msimu uliofuata akina mama walitazamia bei zipande tena, na zikapanda. Hawakugusa jembe kabla ya kuongezwa ujira. Mwenye shamba akarudia idadi yake ya zamani ya vibarua.

"Kwa hiyo?" akauliza profesa.

"Mustari wangu ni wa muda mufupi tu, wakati bei zinawashtua watu. Wakishazitazamia, mustari unahama juu. Kwa muda murefu unasimama wima: bei zinapanda, kazi zinabaki pale pale. Ku mwisho wa kazi yangu nilikosea."

Akavaa miwani. "Njo hivyo. Andika upya ile sehemu ya mwisho."

Nilipita.

Nje, mama aliniuliza wamenihoji nini. Nikamsimulia yote, pamoja na mfano wa Kingi. Akanitazama, mwiko mkononi.

"Miaka tano nalima," akasema, "ili wakufundishe kitu nilikuwa najua? Ungeniuliza mimi." Kisha akanipakulia paja, kipande alichokuwa amemwekea profesa.