Mguu wa Kulia wa Jildou

Oebele Terpstra alikuwa fundi viatu katika kijiji kimoja cha jimbo la Friesland, na kwa miaka mingi hakuna kiatu alichokishona kwa uangalifu kama cha kushoto cha mjukuu wake Jildou. Mtoto huyo alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi kidogo kuliko wa kulia. Tofauti yenyewe, alipoanza kutembea, ilikuwa haijai kidole. Lakini alivyokua nayo ilikua, kwa hiyo kila alipopata viatu vipya babu yake alipasua soli ya kushoto, akaweka ndani yake kipande cha koki, lile gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa, akaifunga tena kwa namna ambayo watoto wa shule wasingeweza kuigundua.

Sjoukje, mamake Jildou, alimwambia mara nyingi kwamba anajichosha, kwani hospitali ingewapa viatu hivyo bila shida. Oebele alikuwa akiitikia tu, kisha anaendelea kukata koki.

Jildou mwenyewe hakuwa mtoto wa kuhurumiwa. Tangu ana miaka minane alipenda mchezo mmoja tu: kukimbia na kurukia mti mrefu uliosimikwa katikati ya mfereji, kuukwea wakati unaelemea upande wa pili, na kujitupa kwenye mchanga ng'ambo. Alirudi nyumbani ameloa matope mpaka nyusi. Mwaka aliotimiza kumi na moja, kocha alimwambia kiangazi kile atashindana na wasichana wakubwa, na nyumba nzima haikusikia habari nyingine.

Kila mwaka walikwenda hospitali ya Leeuwarden kwa Daktari Van Wessem, mtaalamu wa mifupa, mama mrefu aliyependa kuketi juu ya meza yake kuliko kwenye kiti. Mpango wake ulieleweka zamani. Siku ikifika, atatoboa matundu madogo pande mbili za goti la kulia na kuyaharibu yale matabaka ya gegedu yanayorefusha mifupa. Mguu mrefu utatulia pale gotini, na ule mfupi utaendelea kukua mpaka uukaribie. Kazi yote ilikuwa katika kuchagua wakati. Ukiwahi mno, mguu wa kushoto utapita na mtoto atachechemea upande wa pili. Ukichelewa, hakuna ukuaji uliobaki wa kuziba pengo. Na gegedu ikishaharibiwa hairudi.

Oebele aliichukia ile habari ya kutoboa. Machi ile, wakiwa njiani kwenda Leeuwarden, aliwaambia Sjoukje na Jildou kwamba hakuna haraka. Mtoto ana miaka kumi na moja tu. Sjoukje mwenyewe alirefuka mpaka kumi na sita. Acheni aruke kiangazi hiki, na kingine pia, mengine yatajulikana baadaye. Jildou, aliyekaa nyuma, alimuunga mkono kwa kila neno.

Hospitalini walimpiga mtoto eksirei ya miguu, kisha wakamwambia alaze kiganja cha kushoto juu ya bamba, vidole vimetanuka. Oebele alishangaa kama alivyoshangaa kila mwaka: mguu ndio wenye matatizo, mkono wanautakia nini?

Safari hii Daktari Van Wessem alimwita asogee karibu na kioo cha kompyuta.

"Mzee Terpstra, njoo uone. Kiganja kina mifupa mingi midogo mahali pamoja, na kila mmoja unapevuka kwa zamu yake, zamu zinazotuambia mifupa ya mwili mzima, hata ya goti, imefikia umri gani. Ndiyo maana tunakiuliza chenyewe."

Akamwonyesha. Kila mfupa wa kidole ulikuwa na kikofia kidogo kwenye ncha yake, na kati ya kikofia na mfupa palikuwa na mstari mweusi. Mstari ule haukuwa ufa. Ilikuwa gegedu, ambayo eksirei haiioni, na maadamu mstari upo mfupa bado unarefuka. Kwa mtoto mdogo kikofia huwa chembamba kuliko mfupa. Baadaye hupanuka, hulingana nao, halafu kingo zake huinama na kuukumbatia. Mwisho mstari hufumbwa, ukianzia ncha za vidole, na ule wa kifundo cha mkono huwa wa mwisho.

Daktari akafungua kitabu cha picha za viganja, vimepangwa kwa umri, akaweka kile cha miaka kumi na moja kando ya kiganja cha Jildou. Hakikufanana. Akafunua ukurasa, na mwingine. Alipofika kwenye picha iliyolandana, vikofia vilikuwa vimeshaanza kukumbatia mifupa.

"Kwa vyeti vyako una miaka kumi na moja," alimwambia Jildou. "Mifupa yako ina kumi na miwili na nusu. Inaweza kukosea miezi kadhaa huku au huku, lakini hujabakiwa na muda niliofikiri. Wasichana wengi goti hutulia mifupa ikifika kumi na minne hivi."

Sjoukje akauliza ina maana gani kwa mpango wao. Daktari akasema pengo sasa ni sentimita mbili na nusu. Wakifanya mwezi ujao, karibu lote litazibwa. Wakingoja mwaka, labda theluthi tu.

Oebele aliutazama ule mkono kwenye kioo na kujisikia amepigwa kofi. Alikuwa amehesabu miaka kwa keki za kuzaliwa, kumbe mwili ulikuwa na hesabu yake. Na lile la kungoja, aliona sasa, lilikuwa woga wake mwenyewe alioupaka rangi ya busara.

"Kwa hiyo kiangazi hiki siruki," Jildou alisema.

"Huruki," daktari alisema. "Mwakani utaruka."

Mtoto akamgeukia babu yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa upande wake garini. "Babu, wewe umesema tungoje."

Oebele alikohoa. "Nilisema. Nilikosea, mwanangu. Nilikuwa naogopa ile drili, basi nikajifanya najua mifupa."

"Hata mimi naiogopa."

"Najua. Tutaiogopa pamoja, mimi na wewe. Lakini samaki hukunjwa angali mbichi."

Jildou alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa sweta, kisha akauliza kama atapungua urefu. Daktari akasema ndiyo, atakuwa mfupi sentimita mbili hivi kuliko ambavyo angekuwa. Jildou akafikiri. Akasema kwao Friesland watu ni warefu kupita kiasi, wanagonga vichwa milangoni, na hizo mbili hatazikumbuka.

Walimpasua Aprili. Kiangazi kile Oebele alimpeleka kwenye kila shindano, kwanza akiwa na magongo, baadaye bila magongo, wakakaa ukingoni wakila mkate wa sukari. Jildou aliwasema wenzake waliotumbukia majini kwa ulimi mkali mpaka kocha akamtishia kumhamishia upande wa pili wa mfereji. Mwaka uliofuata aliruka, akatumbukia mara mbili, ya tatu akavuka.

Alipokuwa na miaka kumi na mitano walimpiga kiganja picha ya mwisho. Mistari ya vidole ilikuwa imetoweka, na kwenye kifundo pamebaki alama nyembamba kama kovu lililokauka. Miguu ilitofautiana milimita nne, kitu ambacho watu wengi wanacho bila kujua. Daktari Van Wessem akamwambia hahitaji tena kuja, wala kuongezewa soli.

Jumamosi ile Jildou aliingia kwenye karakana ya babu yake amevaa viatu vyekundu alivyonunua dukani, jozi ya kwanza maishani mwake isiyopitia mikononi mwa babu. Oebele akaviomba, akavigeuza, akaona vimegandishwa kwa gundi tu, hakuna hata mshono mmoja wa maana.

"Vikoje?" Jildou akauliza.

"Vibaya sana," alisema Oebele. "Hebu tembea nikuone."

Akatembea mpaka mlangoni na kurudi, na babu akamwomba arudie.