Meneja alisoma pole yangu kwa matanga kama yake, sasa rafiki yangu haniongeleshi

Admin, ficha jina langu kabisa, hawa watu wa ofisi yetu wanashinda kwa page yako. Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Munyaka hapa Eldoret, na ni karani kwa kampuni ya kuuzia wakulima mbegu na mbolea. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Rafiki yangu kazini anaitwa Nekesa (si jina lake). Juzi alifiwa na kaka yake Wekesa, fundi wa viatu hapa Munyaka, mtu mpole ajabu. Mvua ikinyesha alikuwa anakuja mpaka kwa gate ya ofisi na gumboots za dadake kwa mfuko, ndio avuke ile matope ya kwetu.

Habari ilipofika, mngeona group ya WhatsApp ya ofisi. "Poleni, Mungu ampumzishe mahali pema." Wa pili anakopi, wa tatu anakopi, kama watu wanajiandikisha wasikose kuonekana. Mmoja aliandika "alikuwa mama wa watu", kumbe ametoa ujumbe wa msiba mwingine akautupa hapo bila kusoma. Meneja wetu naye, bwana mkubwa wa Elgon View kwa matajiri, akaweka mishumaa mitatu na "kazi ya Mungu haina makosa". Mtu amefiwa na kaka, unamwambia haina makosa! Aibu tupu.

Mimi sikuandika kitu kwa group. Nekesa alikuwa amezima simu, kwa hivyo nilimwandikia email, asome siku akipata nguvu. Nilifuta mara nyingi. Kila nilipoandika "yuko mahali pazuri" nilijiuliza, mimi nimejuaje? "Ukihitaji chochote niambie" nayo nikafuta, kwa sababu hiyo ni kumpa mfiwa kazi ya kuomba. Mwishowe nikabaki na hii:

"Nekesa, nimesikia Wekesa ametutoka. Nimeumia, na najua wewe umeumia zaidi.

Kuna kitu hakutaka ujue. Jioni moja ya mvua alikuja kukuchukua akapata umeshaenda. Gumboots zako hazikunitosha, akavua zake akanipa, akatembea na soksi mpaka Munyaka. Aliniambia nisikwambie, ati utamgombeza kwa sababu ya kifua chake. Kesho yake nilimrudishia kwa kibanda.

Ripoti zako za wakulima nazifanya mimi, usiwaze kazi. Usijisumbue kunijibu."

Basi. Nikaweka jina langu chini, na kwa kichwa cha email nikaandika "Wekesa" tu.

Kosa langu nililijua baadaye. Nilituma kwa email yake ya kazi, na mtu akienda likizo kwetu, email zake zote zinaingia kwa meneja, yeye mwenyewe hazioni.

Siku ya mazishi, kwao Moiben, meneja aliniambia, "Wewe utabaki na ofisi, mtu lazima ashughulikie zile ripoti." Nikabaki. Jioni wakatuma video kwa group. Naona meneja ameshika mic, miwani kwa pua, anasoma kwa karatasi: "Kuna kitu Wekesa hakutaka mjue." Akaendelea, ati siku moja gari lake lilikwama kwa matope, Wekesa akavua gumboots akampa, akatembea na soksi. Huyo mtu hajawahi kukanyaga matope ya Munyaka hata kwa ndoto! Halafu bila haya akamalizia, "Na ripoti zako, Nekesa, nazifanya mimi mwenyewe." Watu wakapiga makofi. Mama yao akalia, akamkumbatia, akaomba ile karatasi akaiweka kwa Biblia yake.

Jumatatu nilimfuata ofisini kwake. Nikamwambia, "Boss, yale yalikuwa maneno yangu."

Hakuona hata haya. "Email iliingia kwa mfumo wa kampuni, mama. Kitu cha kampuni ni cha sisi wote. Si familia ilifarijika? Unataka nini tena?"

Nikarudi kwa meza yangu, kwa zile ripoti anazofanya yeye mwenyewe.

Nekesa alirudi kazini wiki iliyofuata na jogoo ndani ya katoni. Kwao ukimheshimu mtu unampa kuku, na mama yake alimtumia meneja. Meneja akampokea jogoo mbele yetu sote akicheka, ati "huyu ni wa Jumapili". Kisha Nekesa akapita kwa meza yangu.

"Kumbe Wekesa alisaidia hata boss, na hakuwahi kuniambia," alisema. Macho yalikuwa yamevimba. "Mama anasomewa ile karatasi kila asubuhi ndio aamke. Lakini wewe, dada yangu, uliyezoeana na Wekesa, ukakosa hata mstari mmoja? Hata pole?"

Nilichukua simu nimwonyeshe ile email, nikakumbuka Mama, nikairudisha mezani. Akaenda. Tangu siku hiyo salamu ni za kichwa tu.

Ile email iko kwa simu yangu, tarehe na saa zote ziko. Nikimwonyesha, narudishiwa rafiki, na yule mwizi wa pole anaaibika vile anastahili. Lakini Mama kule Moiben atajua mtu aliyemlilia kifuani alikuwa anamdanganya juu ya kaburi la mwanawe. Hiyo karatasi ataisikiliza tena na moyo gani? Nikinyamaza, Nekesa ataniita mtu asiye na utu mpaka nizeeke, na meneja ataendelea kuvaa gumboots za Wekesa ambazo hakuwahi kuvaa.

Ninyi mliowahi kufiwa, mniambie ukweli: mngetaka kujua? Ama ninyamaze, Mama aendelee kuamka?