Nimepokea, Nimekubali

Uvumilivu wangu uliisha Jumatatu saa mbili asubuhi, Rubwera, mlangoni mwa ofisi, mtoto akiwa mgongoni. Kiti changu kilikuwa kimekaliwa. Aliyekikalia tulisoma naye dawati moja miaka minne, na shingoni alikuwa ameshavaa kitambulisho chenye picha yake. Picha ile alipiga tukiwa pamoja. Mimi ndiye niliyemnyoosha kola.

Kazi yenyewe ilikuwa kusajili wakulima wa kahawa, kwenye shirika dogo. Tuliitwa kwenye usaili wote wawili. Mimi nikawa wa kwanza, yeye wa akiba. Alilia kidogo, nikamnunulia soda.

Barua ya ajira ililetwa kwa barua pepe siku ya Jumanne. Mkataba wa mwaka mmoja, miezi mitatu ya majaribio, kuanza kazi Jumatatu, na majibu yatumwe kabla ya Ijumaa saa sita mchana pamoja na barua iliyosainiwa. Nikikubali, nitatumiwa fomu za taarifa binafsi, kisha siku ya kuripoti nije na kitambulisho cha taifa, namba ya mlipakodi, namba ya hifadhi ya jamii, akaunti ya benki na picha mbili. Niliisoma mara tatu huku nanyonyesha.

Jumatano nilikwenda steshenari, na yeye akanisindikiza. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari: nimesoma na nimekubali masharti yote. Nikasaini hapo juu ya mstari, nikaandika tarehe, ikapigwa skani. Kwenye barua pepe nikaandika kwa adabu: "Nimepokea barua ya ajira kwa mikono miwili. Nitaripoti Jumatatu saa mbili asubuhi." Nikaambatanisha, nikatuma. Alikuwa amesimama begani kwangu, anasoma kila neno.

"Hongera, besti," akasema. "Umeniacha mbali."

Nilingoja fomu. Alhamisi hakuna, Ijumaa hakuna. Nikajiambia ofisi za watu zina mambo mengi.

Basi Jumatatu hiyo nikamsalimia afisa rasilimali watu shikamoo, maana ana umri wa baba yangu. Akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikamuuliza huyu amekaa hapa kwa lipi. Akafungua barua pepe yangu kwenye kompyuta, akaigeuza skrini nione.

"Soma mwenyewe, mama. Umesema umepokea. Hukusema umekubali."

"Na kiambatanisho ulifungua?"

Akasema utaratibu ni mtu aseme wazi, muda ukipita anaitwa wa akiba. Wa akiba alipigiwa simu Ijumaa mchana, akajibu kwa neno moja: nakubali. Saa kumi fomu zilikuwa zimejazwa.

Kwetu, wazee wakipokea rubisi, pombe ya ndizi, ya posa, binti amekwenda. Hakuna anayerudi kesho kuuliza, je, mlikubali au mlipokea tu? Ukishanyoosha mikono miwili umemaliza. Na huyu mwenzangu kalelewa kijijini Ndama kama mimi, kwenye migomba ileile. Alijua nilichomaanisha kuliko mtu yeyote aliye hai. Neno moja tu lingemtosha kumwambia afisa, "Huyu amekubali, nilikuwepo."

Nilimuuliza kwa nini hakulisema. Alimwangalia mtoto wangu, si mimi.

"Nilipigiwa simu, nami nina shida kama wewe. Ningekataa ili iweje?"

Kilichoniuma siwezi kukipamba. Nilimwonea wivu. Niliutamani mkoba wake mpya, buti zake za mvua zenye nembo, hata jinsi mlinzi alivyomwamkia. Pikipiki ilikuwa inamsubiri nje kumpeleka kwa wakulima, na nilitamani ikwame kwenye tope mbele ya watu. Tangu shule nilikuwa namsahihishia insha. Sasa yeye kafaulu kwa neno moja, mimi nimefeli kwa sentensi mbili.

Nikatoka. Sikulia. Nilirudi steshenari, nikachapisha barua pepe yangu, kiambatanisho na saa ya kutumwa, nakala mbili mbili, nikaandika malalamiko kwa meneja. Alasiri nikayapeleka kwa katibu muhtasi wake. Akagonga muhuri kwenye nakala yangu: IMEPOKELEWA. Nikamwomba aweke na saa na sahihi, akaweka.

Niliandika hivi: "Nalalamika rasmi kwamba nafasi yangu imetolewa kwa mtu mwingine wakati nilikuwa nimeikubali ndani ya muda. Neno nimekubali lipo ukurasa wa mwisho wa barua yenu, mmeliandika nyinyi wenyewe, na sahihi yangu iko juu yake tangu Jumatano. Naomba kiambatanisho kifunguliwe mbele yangu, nipewe fomu zangu, na nijibiwe kwa maandishi. Nimekuja tayari kuanza kazi."