Ukuta wa Mama Ulioshiba

Siku ya tisa ya mvua mfululizo, kipimo cha unyevu nilichokitundika nje, chini ya baraza, kilisoma tisini na tano alfajiri na sitini na mbili jua lilipochungulia saa nane mchana. Ndani ya chumba cha mbegu, hatua tatu tu kutoka hapo, kipimo cha pili kilisoma sitini na saba alfajiri na sitini na tano mchana. Nilirudia kusoma mara mbili nikidhani sindano imekwama. Nikakipumulia, ikapanda, ikashuka. Ilikuwa nzima. Kilichokuwa kikifanya kazi ni ukuta, na ukuta ule aliukandika mama yangu.

Chumba hicho kiko Issuna. Ni cha kikundi chetu cha wanawake, na mimi ndiye katibu. Tunaweka humo mbegu ya akiba ya uwele na mtama, maana huku kwetu mtu anayepanda mbegu yake yote ni mtu anayetaka kwenda kuomba. Mwaka huu akiba hiyo ilikuwa na uzito zaidi. Ndege wa kweleakwelea walishuka mashambani uwele ukiwa bado na maziwa, na waliovuna walivuna mabua. Mbegu ya uwele ya kupanda msimu ujao, kwa kaya zetu zote, ilikuwa ile iliyomo chumbani.

Vile vipimo viwili nilivinunua Singida mjini kwa muuza mashine za kutotolesha vifaranga. Nilivinunua kwa sababu ya ubishi. Mwenyekiti wetu alitaka kuta za chumba zipigwe saruji na rangi ya mafuta kama za ukumbi wa mikutano ulio upande wa pili.

"Udongo ni wa zamani, mama," alimwambia mama yangu, baada ya kumpa shikamoo yake vizuri. "Wageni wakija wataona tumerudi kwenye nyumba za tembe."

"Marahaba, mwanangu. Wageni wanakuja kula mbegu?"

Wanawake wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, lakini hoja yake aliiacha mezani. Tukakubaliana tupime hadi mvua ziishe, ndipo tuamue.

Mama alikuwa amekandika kuta hizo kwa udongo wa kichuguu, nyasi zilizokatwakatwa na samadi ya ng'ombe, tabaka tatu, akisubiri kila moja ikauke ndipo aweke nyingine. Ya mwisho aliisugua kwa jiwe la mtoni. Rangi hakuitaka, na mbao za dari na mlango alikataa zipakwe vanishi. Kwa miaka yote niliyomwona akikandika nyumba za watu, sababu yake ilikuwa hiyo hiyo: usiku hewa ina maji, ukuta unayanywa; mchana hewa ikikauka, unayarudisha. Ukiupaka rangi ya mafuta umeuziba mdomo. Mimi niliyachukua kama maneno ya wazee mpaka niliposimama na daftari mbele ya sindano ile isiyosogea.

Ukumbini, kwenye kuta za saruji na rangi, tulikaa siku hiyo hiyo kwa kikao kilichochukua saa mbili, nguo zetu zikiwa zimelowa mvua. Kabla hatujafunga kikao, mabati yalianza kutudondoshea matone, unyevu wa pumzi na nguo zetu wenyewe. Mwenyekiti alifuta paji la uso akatazama juu. Niliandika tu, na nakiri niliandika kwa herufi kubwa.

Kosa langu lilitoka hapo hapo kwenye majivuno.

Kesho yake mwanachama mmoja, jirani yetu, alileta magunia manne ya karanga zenye maganda. Paa la jikoni kwake lilikuwa limevuja, hakuwa na pa kuziweka. Kanuni yetu ni moja: hakiingii kitu chumbani bila kipimo cha chumvi. Unatia konzi ya karanga kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, unafunga, unatikisa, unaacha robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, karanga bado zina maji. Nilitikisa. Chumvi ikashika chupa nzima kama ukungu.

"Basi nirudi nazo," jirani alisema.

"Ziweke. Ukuta wa mama utakunywa."

Siku ya kwanza sindano ilifika sabini na moja. Ya pili, sabini na tano. Ya tatu, themanini, na mchana haikushuka hata kidogo. Pengo kati ya mbao za dari, lililokuwa likipitisha ukucha wangu, lilikuwa limezibika, mbao zimevimba. Mlango ulianza kukwaruza fremu, na siku ya nne nikausukuma kwa bega. Ndani kulinuka kama kaptula iliyoanikwa kivulini. Magunia ya uwele yalikuwa yamekaa ubavu kwa ubavu na yale ya karanga.

Nilimfuata mama. Alikuja na fimbo yake, akaweka mgongo wa kiganja ukutani, akauacha hapo kitambo.

"Ameshiba," alisema. "Nani kamnywesha?"

Nilimweleza. Hakunikaripia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Wewe umesoma. Kibuyu kikijaa, ukimimina tena maji yanakwenda wapi?"

"Yanamwagika, mama."

"Huyu anakunywa maji ya usiku mmoja ili ayatoe mchana. Anapokezana na hewa. Wewe umemletea maji ya magunia manne, na nje mvua, atayatolea wapi? Mimi nilikandika ukuta. Sikukandika jua."

Tukatoa karanga tukazianika ukumbini juu ya mikeka, madirisha wazi, wanawake wakizigeuza kwa zamu. Zilizoota ukungu tukazichagua na kuzifukia, kwa hofu ya sumukuvu. Chumba cha mbegu tulikifungua kwa saa: kipimo cha nje kikisoma chini ya cha ndani, madirisha wazi; kikipanda, tunafunga. Kwa kawaida ilikuwa kuanzia saa sita hadi saa kumi jioni. Mvua zilipopungua nguvu, sindano ilishuka, lakini pole pole. Ilipanda kwa siku nne. Ilichukua wiki mbili kurudi ilikokuwa. Mlango ukaacha kukwaruza.

Mwenyekiti aliomba daftari alisome lote, pamoja na kurasa zangu za aibu. Tulipokutana alisimama.

"Rangi nitapaka kwangu," alisema. "Hapa pabaki hivi. Ila katibu apakwe yeye, azibwe mdomo."

Walicheka hadi mama akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha wakaongeza kanuni ya pili chini ya ile ya chumvi: ukuta hauanikii mtu mazao. Wiki iliyopita walikuja wanawake wa Unyambwa kumwomba mama akawaonyeshe kukandika chumba chao. Alikubali, kwa sharti kwamba kwanza wamwonyeshe madirisha. Nilimshika mkono hadi kwenye gari lao, na sijui kama nimewahi kutembea nikiwa nimenyooka vile.

Limebaki jambo moja. Mbegu za uwele kutoka gunia la katikati, lililokuwa mbali na karanga, nilizojaribu kuotesha mwanzo, ziliota vizuri. Juzi asubuhi nilihesabu punje mia kutoka gunia lililogusana na karanga, nikazifunga kwenye kitambaa chenye maji na kukiweka ndani ya sufuria yenye mfuniko. Uwele mzima huchomoza siku ya pili au ya tatu. Leo ni siku ya tatu. Nimefungua asubuhi hii mbele ya mama: kumi na moja kati ya mia zimechomoza, nyingine zimevimba tu. Ameweka mkono wake juu ya wangu, akasema nifunge tena kitambaa, tutahesabu tena kesho.